UZI: Kitufe cha Tafsiri kimenitia aibu na wageni, saa 4 yangu imekuwa saa 4 yao

Kijana_wa_Jambiani
Asalaam alaykum wana jukwaa. Naomba tusaidiane maana nimeshikwa na aibu mpaka leo. Mie huku Jambiani natembeza wageni kwa miguu kwenda mwambani maji yakikupwa, wanaona mwani unavyolimwa, mashimo ya pweza na kadhalika. Nikapata Wataliano wawili, mtu na mkewe, Kiingereza chao na changu vyote vinachechemea, tukawa tunachati kwenye app moja ambayo ina kitufe cha Tafsiri humohumo ndani, mie naandika Kiswahili wao wanabonyeza. Siku ya kwanza safi kabisa, bei tumekubaliana, nikasema haya mambo yamekuwa mepesi. Siku ya pili nikawatumia hii:

```
Mambo bro kesho bamvua so maji yamekupwa kabisa saa 4, 2taonana hapo hapo beach mje na viatu coz kuna miba, don't worry papasi hawapo huku shamba
```

Nikakaa ufukweni toka saa 3 na nusu asubuhi, hakuna mtu. Saa 5 maji yanaanza kurudi nikaondoka. Saa 10 jioni napigiwa simu, wamesimama ufukweni wanaangalia bahari imejaa mpaka kwenye minazi, wamevaa mabuti, suruali wameingiza ndani ya soksi, na wamejipaka dawa ya wadudu mwili mzima. Wamekasirika, wanasema nimewaambia saa 4 kutakuwa hakuna maji. Nikawaomba wanionyeshe walichosoma. Nawaandikieni kwa Kiswahili kama kilivyokuwa kwenye simu yao: "Habari kaka, kesho Bamvua kwa hiyo maji yamekauka saa kumi jioni au alfajiri haijulikani, wawili watakutana palepale, njoo na viatu kwa sababu kuna miiba, usijali hakuna kupe hapa kwenye shamba."

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kabla ya kutuma nilijaribu, nikaitafsiri kwenda Kitaliano halafu nikairudisha Kiswahili, ikarudi saa nne vilevile! Sasa kosa limeingilia wapi?

TaksiMalindi
Hahaha kwa hiyo wamekuja wamejikinga na kupe. Pole sana yakhe, lakini nimecheka peke yangu hapa bandarini watu wananiangalia.

Ila mie yangu ni kinyume cha yako na ilinigharimu. Mgeni yuko hoteli ya mjini, kaniandikia kwa lugha yao, mie simu yangu nimeiweka ijitafsirie yenyewe kwa Kiswahili, nkasoma "tuonane kesho saa nane mbele ya hoteli". Mie nkalala, nkaosha gari, nkala, saa nane mchana nko mlangoni na shati safi. Mapokezi wananiambia mgeni wako kaondoka na taksi nyingine toka saa mbili na nusu asubuhi, kakusubiri nusu saa kakutukana. Hata sikujua nimlaumu nani.

Maalim_Mstaafu
Kijana, kosa ni lako, usiitafutie mashine lawama. Ungeandika "saa nne asubuhi" mambo yangekwisha. Hujaandika asubuhi wala jioni, hata mie nisingejua. Na hayo ma-so na macoz ndani ya Kiswahili yanatoka wapi? Andikeni Kiswahili fasaha, hakuna mashine itakayokushindeni.

FundiSimu_Darajani
Maalim shikamoo. Uko sahihi nusu, nusu nyingine nitakupinga kwa heshima.

Skiliza Kijana, tuanze na hilo la kuirudisha kwa sababu ndilo wengi linawadanganya. Wewe umeandika saa 4. Mashine imeona tarakimu 4, imeibeba kama ilivyo ikaiweka kwenye Kitaliano, 4. Haikuhesabu kwamba sie tunaanza kuhesabu jua likichomoza na wao wanaanza usiku wa manane. Sasa uliporudisha, imefanya kosa lilelile kwa upande wa pili, imebeba 4 ikaiweka saa nne. Makosa mawili yamefutana, wewe ukaona sawa. Kurudisha kunakamata neno lililopotea, mfano ungeona "kupe" ungeshtuka. Lakini kosa ambalo linafanyika sawasawa kwenda na kurudi halitokei hata ukirudisha mara kumi. Saa zetu ndiyo kosa la namna hiyo. Na ya TaksiMalindi ni hiyohiyo imeingilia mlango wa nyuma, mgeni kaandika 8 ya asubuhi, ikaja saa nane.

Sasa Maalim, kuandika "saa nne asubuhi". Nimejaribu kwenye simu tatu hapa dukani. Simu moja ilitoa saa 10 ya asubuhi ya kizungu, sahihi kabisa. Nyingine mbili zikatoa saa 4 ya alfajiri. Meseji ileile! Nikaandika saa tatu asubuhi, ile iliyopatia mwanzo ikakosea. Kwa hiyo huwezi kuitegemea. Faida ya "asubuhi" ni moja tu, kwamba kosa linakuwa la ajabu. Mgeni akisoma tukutane saa 10 za usiku hakujapambazuka atauliza. Akisoma 4 peke yake anasema anha, jioni, hana sababu ya kuuliza. Kosa baya ni lile linaloingia akilini.

Mpemba_wa_Wete
Na mumesahau bahari. Tafauti ya saa zetu na zao ni sita. Maji kutoka kukupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Kwa hiyo ukikosea saa kwa njia hii hukosei kidogo, unampeleka mtu kwenye maji kinyume kabisa. Bamvua huku kwetu maji yanakupwa saa 4, saa 5 hivi asubuhi, na saa 10 jioni yamejaa pomoni. Mtaliano wako kaja saa ya kujaa haswa, kama aliyeipanga. Shukuru alisimama ufukweni, angekuwa jeuri akaingia kuutafuta mwamba ingekuwa habari nyengine.

Kijana_wa_Jambiani
Wallahi Mpemba sikulifikiria hilo. Kumbe ndiyo maana walikuwa wanasema nimewadanganya makusudi, wameambiwa hakuna maji wakakuta yako yote.

MtuWaBara
Wakuu mbona mnazunguka? Mie WhatsApp yangu iko Kiswahili toka zamani, ingia mipangilio, lugha ya programu, chagua Kiswahili. Tatizo limekwisha. Mwambie mgeni naye aweke ya kwao.

FundiSimu_Darajani
MtuWaBara hiyo ni lugha ya vitufe na menyu, yaani ile "Tuma", "Futa", "Mipangilio". Haigusi alichoandika mwenzako. Ni vitu viwili na watu wengi dukani wananijia wamevichanganya.

Na ukitaka kujua, WhatsApp tafsiri ya meseji waliileta Septemba 2025. Unaikandamiza meseji, unachagua Tafsiri, unachagua lugha kutoka na kwenda, inashuka kwenye simu kisha inafanya kazi humohumo. Android walianza na lugha 6 tu, Kiingereza, Kihispania, Kihindi, Kireno, Kirusi na Kiarabu. iPhone wakapewa zaidi ya 19. Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha zote mbili hizo za kuanzia. Kwa hiyo hata menyu yako iwe Kiswahili kitupu, hicho kitufe kilipoanza hakikujua maana ya "karibu".

BintiMichenzani
Nauliza fundi, hizi meseji zikitafsiriwa si zinasomwa na wenye app? Mie nilizima toka siku ya kwanza, nasikia kila unachobonyeza Tafsiri kinakwenda kwao Ulaya.

FundiSimu_Darajani
Inategemea app, dada. Zile ambazo zinakutaka ushushe lugha kwanza, kazi inafanyika kwenye simu yako, hata ukizima data inatafsiri. Zile zinazotaka mtandao kila ukibonyeza, hapo maandishi yanatoka nje ya simu. Jaribio ni rahisi, weka hali ya ndegeni halafu bonyeza Tafsiri kwenye meseji ambayo hujaitafsiri bado. Ikikubali, imo ndani. Ikigoma, unajua inakopita.

BintiMichenzani
Ahsante. Basi nikupeni mkasa wa kwangu, si wa biashara. Nina binti ami yangu Maskati, kazaliwa hukohuko, Kiswahili anasikia lakini kusoma anazunguka, anabonyeza tafsiri. Siku moja namwandikia kama ninavyomwandikia mtu yeyote hapa Michenzani, "shoga yangu nimekukumbuka, wifi kaja jana tumekusema". Jioni napigiwa na mama yake kabisa, mtu mzima ananiuliza kwa upole, mwanangu huyo rafiki yako wa kiume ni nani na kwa nini unamwita binti yangu hivyo!! Na akaongeza, mmewekewa intaneti mpya?

Sie huku shoga ni rafiki wa kike, mama zetu wanaitana hivyo msikitini na harusini. Bara wana maana yao na mashine imechukua ya bara. Na wifi yangu, dada wa mume wangu mie, kawa mtandao wa nyumbani. Nilitaka kufukiwa.

TaksiMalindi
"Wifi kaja jana tumekusema" hahaha, mtandao umerudi tunakusema.

MamaMwani_Paje
Mie nilimwambia mzungu wa duka la mwani "wiki hii maji mafu hatuvuni". Akanijibu kwa huzuni anauliza bahari imechafuliwa na nini, kwani samaki wamekufa. Ilibidi nimpigie picha mwezi nusu nimuonyeshe kwamba ni maji tu hayakupwi sana. Sasa fundi, maneno kama haya yetu, bamvua, maji mafu, papasi, shamba, hiyo mashine itayajua lini?

FundiSimu_Darajani
Mama shikamoo. Lini sijui kusema, lakini naweza kusema kwa nini haiyajui. Imejifunza kwa maandishi yaliyokwisha tafsiriwa na watu, na Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni cha magazeti, serikali, vitabu vya dini. Hapo papasi ni mdudu, si wale vijana wetu wanaowaganda wageni njiani, shamba ni pa kulima, maji mafu ni maji na mafu. Mtu wa Unguja akisema "niko shamba" maana yake yuko nje ya mji, hata kama amekaa barazani hana jembe. Hilo liko midomoni mwetu, kwenye maandishi liko kidogo sana.

Halafu tazameni meseji ya Kijana, kila neno lilipata ajali ya namna yake. "Bamvua" haikulijua kabisa, na neno isilolijua mara nyingi inalipitisha kama lilivyo, kwa hiyo Mtaliano akaliona limekaa peke yake na herufi kubwa akadhani ni jina la mtu. "Papasi" ililijua, lakini kwa maana nyingine. Hili ni baya kuliko la kwanza! Neno lililopita kama lilivyo mgeni analiona geni anauliza. Neno lililotafsiriwa kwa maana isiyo yake linakaa vizuri kwenye sentensi, hasa likifuatiwa na "shamba". Kupe na shamba wamekubaliana, mgeni kavaa mabuti. Nani angemlaumu?

Na "2taonana", hiyo 2 imesomwa mbili.

Kijana_wa_Jambiani
Kumbe "wawili watakutana" ndiyo hiyo 2! Nimekuwa najiuliza wawili gani. Toka shule ya msingi naandika hivyo fundi.

Mpemba_wa_Wete
Ndo uwache sasa.

TaksiMalindi
Mie swali langu jengine. Kwa nini kwenye meseji nyengine kitufe cha Tafsiri kipo na nyengine hakipo kabisa? Mgeni mmoja aliniambia meseji yangu "haitafsiriki", nkadhani simu yake mbovu. Meseji yenyewe hii nnayo bado:

```
Bro nime-check na driver, ata-confirm kesho asubuhi, usiwe late please
```

FundiSimu_Darajani
Afadhali umeuliza, hapa ndipo mchanganyiko unapouma. Kabla ya kutafsiri, app inatakiwa kwanza ikisie meseji ni lugha gani, na inakisia lugha moja kwa meseji nzima. Haikati sentensi ikasema nusu hii Kiswahili nusu hii Kiingereza. Sasa meseji yako ina Bro, check, driver, confirm, late, please. Mashine ikasema hiki Kiingereza. Mgeni naye simu yake imewekwa kwamba Kiingereza anakijua. Basi app inaona haina kazi ya kufanya, kitufe hakitokei. Si kwamba imeshindwa kutafsiri, imeona hakuna cha kutafsiri.

Ukitumia Telegram unaweza kuliona hilo mwenyewe, nenda hapa:

```
Settings > Language > Show Translate Button
```

Ukiiwasha chini yake kuna orodha ya `Do Not Translate`. Lugha yoyote iliyomo humo, meseji yake haitaletewa kitufe. Wageni wengi wana Kiingereza humo. Akikitoa, kitufe kinaweza kurudi, ingawa tafsiri yenyewe itakuwa vipandevipande.

Mie niliwahi kuchezea kutengeneza app ndogo ya oda za duka, nikatumia ML Kit ya Google, hiyo ina Kiswahili na inafanya kazi ndani ya simu, kila lugha ni kama megabaiti 30. Ile sehemu ya kutambua lugha ikikosa uhakika inakujibu `und`, yaani sijui. Nikaijaribu kwa meseji za wateja wangu halisi. "Poa", "sawa bos", "freshi" zikaja `und` au lugha ambazo hata sizijui. Meseji fupi haina herufi za kutosha za kukisia. Sasa app isipojua ni lugha gani haiwezi kujua ianzie wapi.

Na kuna hilo la "nime-check". Hapo lugha mbili zimeingia ndani ya neno moja, kichwa Kiswahili, mwili Kiingereza. Hata ikikisia Kiswahili, haina neno hilo mahali popote. Ukiandika "nimechek" ndiyo basi kabisa, inalivunja vipande inatafuta kinachofanana.

Maalim_Mstaafu
Ndiyo nilichosema mwanzo. Fasaha.

FundiSimu_Darajani
Maalim nakukubali hapa, lakini fasaha yako na fasaha ya mashine si moja. Ukiandika "maji yamekupwa" hiyo ni fasaha tupu ya Kiunguja na bado mashine iliandika yamekauka. Fasaha ya mashine ni maneno ya gazeti na sentensi fupi.

BintiMichenzani
Na Kiarabu je? Binti ami akinijibu anaandika Kiarabu kwa herufi hizi zetu na namba katikati, 7 ndiyo ha, 3 ndiyo ain. Mfano `7abibti` au `3ndi`. Nikibonyeza tafsiri ama inakaa kimya ama inanitolea vitu vya ajabu, siku moja ilitaja namba saba kabisa.

FundiSimu_Darajani
Hiyo ni 2taonana ya Waarabu. Mashine inajua Kiarabu cha herufi za Kiarabu, cha vitabuni. Hicho chake ni cha mtaani tena kwa herufi ngeni, mara mbili mbali. Mwambie abadilishe kibodi aandike kwa herufi zenyewe, utapata nafuu, lakini ile lahaja ya Omani bado itakuwa inaruka maneno. Sauti pengine bora zaidi kwenu nyinyi, si anasikia Kiswahili?

BintiMichenzani
Anasikia vizuri. Sema anaona haya kutuma sauti, anasema lafudhi yake tunaicheka. Na kweli tunaicheka.

Kijana_wa_Jambiani
Fundi basi nionyeshe, ile meseji yangu ningeiandikaje? Nna Wapolandi wanakuja bamvua ijayo.

FundiSimu_Darajani
Nimeijaribu mara kadhaa hapa, iliyotoka salama kwenye simu zote tatu ni hii:

```
Habari zenu. Kesho tutatembea baharini kwa miguu. Maji ya bahari yatakuwa machache sana 10:00 AM. Tutakutana ufukweni Jambiani 9:30 AM. Nyinyi wawili vaeni viatu. Kuna mawe makali.
```

Angalia nilichofanya. Neno "saa" nimelitoa kabisa. Nimeweka saa yao, na AM, kwa sababu hiyo inapita kama ilivyo bila kuguswa. Bamvua nimeitoa nikaeleza kinachotokea, mgeni haihitaji bamvua anahitaji kujua maji yatakuwa machache. Papasi na shamba sikuvitia, kwani alikuuliza? Nukta kila mahali, maana sentensi ndefu ikipotea mwanzo inapoteza na mwisho.

"Nyinyi wawili" nimeiweka makusudi. Hizi tafsiri nyingi zinapita Kiingereza katikati, hiyo ML Kit ndivyo inavyofanya, Kiswahili kwenda Kiingereza halafu Kiingereza kwenda lugha ya mgeni. Sie tuna wewe na nyinyi, Mtaliano naye anazo, Mpolandi anazo, lakini Kiingereza katikati kina moja tu. Kwa hiyo "mje" yako ikifika upande wa pili inaweza kuwa "njoo". Ile ya kwako ilikuwa njoo, umeona?

Kijana_wa_Jambiani
Ehee, na kweli mke aliniuliza kama yeye bei yake ni tafauti.

Mpemba_wa_Wete
Hiyo meseji ya fundi imekauka kama tangazo la mkutano wa shehia. Mgeni ataona anaongea na ofisi. Mie wageni wangu wa Mkoani na Misali nawaandikia Kiingereza changu kibovu moja kwa moja, "tomoro ten, bring shuz", wananielewa na wanacheka. Kwa nini nimuandikie Kiswahili kisichokuwa Kiswahili ili mashine ielewe?

MamaMwani_Paje
Wewe una hicho Kiingereza kibovu. Mie sina hata kibovu.

Mpemba_wa_Wete
Hapo umenishinda mama.

TaksiMalindi
Lakini fundi kuna shida kwenye hiyo 10:00 AM. Mie ukinitumia mimi dereva "10:00" nasoma saa kumi. Hasa ukinitumia bila AM. Kuna bosi mmoja anatutumia ratiba za uwanja wa ndege kwenye grupu la madereva, anakopi kwa mgeni anabandika kwa sie, kila wiki kuna anayekwenda saa sivyo. Tukamwambia aandike za Kiswahili, wageni nao wakapotea kwa sababu wengine wamo grupu hilohilo.

FundiSimu_Darajani
Hapo grupu moja la watu wa saa mbili tafauti ni tatizo lako na bosi, app haina mkono. Mie ningeandika mara mbili, mstari wa madereva "saa nne asubuhi", mstari wa mgeni "10:00 AM", meseji mbili mbalimbali. Usizitie kwenye meseji moja, maana mgeni akibonyeza Tafsiri atasoma 4 na 10 pamoja na hapo atachagua anayoipenda.

Maalim_Mstaafu
Kuna mwanafunzi wangu mmoja hotelini huandika hivyo vyote viwili katika sentensi moja na haijamtokea kitu.

FundiSimu_Darajani
Bado haijamtokea, Maalim.

MtuWaBara
Na ile kuweka chati nzima ijitafsirie yenyewe bila kubonyeza, mnaishaurije? Mie naona ndiyo rahisi.

TaksiMalindi
Ndiyo iliyoniua mie hiyo. Nlikuwa sioni alichoandika mwenyewe, naona tafsiri tu. Ningeona tarakimu 8 kwenye lugha yao pengine ningeshtuka, maana nawajua wazungu wanahesabu vyengine. Sasa nimezima, nabonyeza moja moja, na namba zote nazitazama kwenye meseji ya asili.

FundiSimu_Darajani
Hilo la TaksiMalindi lichukueni. Tarakimu, saa, bei, namba ya chumba, vitazame kwenye meseji ya asili, huhitaji kuijua lugha kusoma 8. Na bei pia, usimwandikie mgeni "buku tano" wala "tano". Andika 5,000 TZS. "Buku" kwenye simu moja hapa ilitoka kitabu, mgeni angekuletea vitabu vitano.

Kijana, la mwisho. Badala ya kurudisha tafsiri wewe mwenyewe, mwombe mgeni akutumie skrinishoti ya alichokiona. Ndiyo njia pekee utaona kilichofika kwake, maana simu yake inaweza kuwa inatumia mashine nyingine na si hiyo uliyojaribia.

Kijana_wa_Jambiani
Nimeshika. Bamvua ni wiki mbili, nitarudi na mrejesho inshallah.

Kijana_wa_Jambiani
MREJESHO. Wapolandi wamekuja, wanne, saa 3 na nusu juu ya alama, viatu vya mpira kama nilivyotaka. Skrinishoti walinitumia usiku, nikaona 9:30 na 10:00 zimekaa vilevile, nikalala usingizi. Tumetembea mpaka kwenye kingo za mwamba maji ya kwenye ndara.

Ila kuna kitu. "Nyinyi wawili" nimeikopi kama ilivyo kwenye meseji ya fundi bila kufikiri, na wao wanne. Wakaniuliza wawili gani wanatakiwa kuvaa viatu.

Mpemba_wa_Wete
Hahahaha. Hii sasa mashine haimo.

MamaMwani_Paje
Na mwani wangu hawakuukanyaga?

Kijana_wa_Jambiani
Mmoja kidogo mama, kunradhi. Nilimpigia kelele "angalia kamba" akaanza kutafuta kamba wa kula majini.